Kuhamisha tarehe ya kliniki kwa meseji: usikae kimya kwa kuogopa faini

1/ Leo naongea na nyie mnaohudhuria kliniki binafsi za madaktari bingwa, hasa wagonjwa wa presha. Kuna jambo tunaliona sana sisi manesi. Mtu anapata dharura, tarehe ya kliniki inamkaribia, anakumbuka kuna faini ya kughairi, basi ananyamaza. Haji wala haandiki. Akishanyamaza mara moja anaona aibu kurudi, tunamwona baada ya miezi miwili, presha iko juu na dawa ziliisha zamani. Msimamo wangu ni huu: suala la faini liulize kwenye meseji hiyo hiyo unayoombea tarehe mpya. Hata ukitozwa, bado una daktari na una dawa.

2/ Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Dar. Ana miadi Alhamisi tarehe 18, saa 3 asubuhi, na daktari wake anakuja pale Alhamisi tu. Jumanne jioni anapigiwa simu, kuna msiba Moshi na kesho alfajiri anapanda basi. Kliniki yake inatoza anayetoa taarifa chini ya saa 24 kabla. Akiandika Jumanne hiyo hiyo saa 2 usiku, amebakiza saa 37, yuko salama. Akisubiri afike Moshi aandike Jumatano saa 10 jioni, zimebaki saa 17, kachelewa. Kwa hiyo andika kabla hujafunga begi. Mapokezi hata wakiwa wamefunga, meseji inaonyesha saa uliyoituma, na huo ndio ushahidi wako.

3/ Kabla hajaandika, kuna kazi moja ambayo wengi wanairuka: ahesabu vidonge. Mama huyu anameza amlodipini kidonge kimoja kila asubuhi, na Jumanne jioni vimebaki 4. Vinamtosha Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi tarehe 20. Daktari anarudi Alhamisi tarehe 25. Hapo katikati kuna asubuhi 5 hazina dawa, ukihesabu na ile ya siku ya kliniki yenyewe. Tarehe mpya bila hizo dawa 5 ni nusu ya msaada. Na jamani, msiba una safari, una kukesha, una chumvi. Si wakati wa kukata kidonge nusu ili zifike.

4/ Sasa meseji yenyewe. Ningeiandika hivi:

"Habari za jioni. Naitwa (jina kamili), namba ya faili (namba). Nina miadi na Daktari (jina) Alhamisi tarehe 18, saa 3 asubuhi. Nimepata msiba, nasafiri kesho, naomba kuhamisha miadi. Naweza kuja Alhamisi tarehe 25 au tarehe 2 mwezi ujao, asubuhi. Dawa zangu zitaisha Jumamosi tarehe 20, naomba nesi anielekeze nitapataje za kunifikisha siku hiyo. Pia naomba kujua kama kuna malipo ya kuhamisha tarehe, ni kiasi gani, na kama pesa niliyotanguliza itahamia kwenye tarehe mpya. Samahani kwa usumbufu, asanteni."

5/ Angalia vitu vichache hapo. Kaandika "kuhamisha", hakuandika "sitakuja". Ziko kliniki zinazotoza anayefuta kabisa na kumwacha anayehamisha, sasa ukiandika "sitakuja" dada wa mapokezi anafuta jina lako, kesi imekwisha. Kataja siku pamoja na tarehe, maana "Alhamisi ijayo" kila mtu anaielewa kivyake. Katoa siku mbili za kuchagua, kwa hiyo anaweza kujibiwa mara moja. Na ugonjwa wake hakuutaja. Simu ya mapokezi inashikwa na watu wengi. Jina, namba ya faili na daktari vinatosha. Mengine utamwambia nesi akikupigia.

6/ Saa nayo inatuangusha sana. Kompyuta ya kliniki inatuma ukumbusho "09:00", mgonjwa anasoma saa 9, anakuja saa 9 alasiri na daktari kaondoka. Sasa huyo naye anahesabiwa hakuja, anadaiwa faini na hakuwa na nia mbaya. Ukijibiwa tarehe mpya, rudia kwa maneno yako: "Asante, nitakuja Alhamisi tarehe 25, saa 3 asubuhi." Kama kuna mkanganyiko utaonekana hapo hapo.

7/ Turudi kwenye pesa, maana hapa ndipo watu wanagombana na mapokezi. Ukiandika "mnataka kunitoza tena?" unamuuliza mtu ambaye si yeye aliyepanga hiyo bei, naye atajilinda. Ukiandika "naomba kujua kama kuna malipo", ni swali la taarifa, atakupa taarifa. Akikujibu kwamba utatozwa, una haki ya kuomba usamehewe. Omba mara moja, kwa sababu moja: "Nimeelewa. Kwa kuwa ni msiba, naomba mniangalizie kama inawezekana kusamehewa safari hii. Kama haiwezekani, nitalipa siku nitakayokuja." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayolainisha. Inaonyesha hukimbii deni, na mara nyingi dada wa mapokezi anapata nguvu ya kukusemea kwa mkubwa wake.

8/ Kama hukuwahi kuambiwa kuhusu faini wakati unapewa tarehe, uliza kwa upole pia: "Naomba kuonyeshwa utaratibu huo uliandikwa wapi, sikuwa naufahamu." Na usitume pesa kwenye namba ya mtu binafsi kwa sababu tu imetumwa kwenye meseji. Omba namba ya malipo ya kliniki yenyewe, na risiti.

9/ Kwa wenzangu wa kliniki, nami nina neno. Faini naielewa. Nafasi ya bingwa ikibaki wazi, kuna mtu mwingine angeweza kukaa pale. Lakini faini ambayo mgonjwa anaisikia kwa mara ya kwanza siku ya kudaiwa haimfundishi kutoa taarifa mapema, inamfundisha kutorudi. Iandikeni kwenye ukumbusho: kiasi, mwisho wa kutoa taarifa, na namba ya kuandikia. Na kama nafasi yake imepata mtu mwingine, mnamtoza nini tena?

10/ Mwisho, mipaka ya meseji. Tiki mbili maana yake simu yao imepokea, si kwamba umehamishiwa. Mpaka ujibiwe tarehe, ile ya zamani bado ni yako. Mama yetu asipojibiwa hadi Jumatano saa 3 asubuhi ofisi ikiwa wazi, apige simu akiwa njiani. Na kama kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea ghafla, hapo hakuna kuhamisha tarehe wala kuuliza faini. Nenda hospitali iliyo karibu, sasa hivi, hata kama ni huko huko msibani.

Inakili meseji ya namba 4, weka majina yako, iache kwenye simu. Na leo usiku kabla hujalala, hesabu vidonge vyako.