Masisi: Namba 90 kwenye tablo, wakati barabarani hakuna kibao

Motokari za kisasa zinazotoka Ulaya zina alama ndogo kwenye tablo: duara jekundu lenye namba ndani yake. Hiyo ndiyo mwendo wa juu ambao motokari inaamini kuwa unaruhusiwa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila motokari mpya inayouzwa lazima iwe na mtambo wa kumuonya dereva anayepita mwendo huo. Zile za namna hiyo zitakapouzwa kama okazio na kupanda Sake kuelekea Karuba, alama itapanda nazo.

Namba hiyo inatoka sehemu mbili. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kuangalia nyuma, inatafuta duara lenye namba. Ramani iliyohifadhiwa ndani ya motokari nayo inasema mwendo wa kila barabara, kwa kufuata satelaiti. Vibao vikikosekana, ramani ndiyo inayobaki kusema. Na ramani ya Ulaya haijui Masisi.

Lakini kosa la kuchekesha zaidi, na la hatari zaidi, ni la kamera. Kamio nyingi zilizotumika Ulaya zina duara zilizobandikwa nyuma, zenye namba kama 60, 80 au 90, kuonyesha mwendo ambao kamio yenyewe haipaswi kupita. Watu hawazibandui. Tuchukue kamio moja ya namna hiyo, imebeba makala na viazi, inapanda mlima kwa kilomita 20 kwa saa. Dereva aliye nyuma yake anaona 90 ikitokea kwenye tablo. Kamera imeona duara na namba. Haijui kama imebandikwa kwenye nguzo au kwenye mlango wa kamio.

Namna ya kutambua chanzo si ngumu. Namba ikitokea mara tu unapokaribia kamio, kosa ni la kamera. Ikibadilika kila siku pahali palepale, hata kama hakuna kibao, ni ramani. Ikibaki ileile baada ya kuacha barabara kubwa na kuingia ya udongo, motokari bado inashika kibao cha mwisho ilichosoma. Kwenye motokari nyingine, namba yenye rangi hafifu au vistari viwili maana yake ni kwamba mtambo hauna uhakika.

Kama motokari inapiga kelele tu, namba mbaya ni usumbufu. Dereva anaweza kuizima, ingawa kwa zile za sheria mpya inarudi kila anapowasha. Jambo linabadilika pale namba inapounganishwa na mtambo unaoshika mwendo wenyewe bila mguu. Baadhi huomba dereva akubali kwanza kwa kubonyeza kitufe kwenye volani, nyingine zinaweza kuwekwa zifuate namba zenyewe. Mnamo 2020, watafiti wa kampuni ya McAfee walitangaza kwamba walibandika kipande cha utepe mweusi juu ya kibao cha maili 35 huko Marekani. Tesla ya 2016 ikasoma 85, ikaanza kuongeza mwendo.