Mapambo ya Hotuba na Kiasi Chake

Imeingia katika mabaraza yetu, na katika mahafali ya shule na karamu za harusi, tabia moja ambayo nimeivumilia kwa muda mrefu nikitaraji kwamba itapita yenyewe, nayo haikupita: ya kuwa mtu akisimama kusema mbele ya watu hawezi tena kutaja jambo mara moja likatosha, ila alitaje mara tatu kwa majina matatu, kisha alipambanishe na kinyume chake, kisha alirudie tena toka mwanzo kwa sauti ya juu zaidi. Wasikilizaji hutikisa vichwa na wengine hupiga vigelegele, lakini wakifika majumbani wakaulizwa na waliobaki nyuma, "Amesema nini?", jibu lao ni kwamba amesema vizuri. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tumeuzoea uvumi wake hata tunaudhani ni ngoma.

Sina ugomvi na mapambo yenyewe, kwa kuwa ni sanaa za zamani zenye heshima na zina sababu ya kuwapo. Msikilizaji si msomaji. Msomaji asipofahamu hurudi nyuma mstari mmoja akasoma tena, lakini neno la mdomoni likishapita halirudi, na kwa hiyo msemaji mwenye huruma huwarudia watu wake lile neno zito ili aliyekosa kulishika mwanzo alishike pili. Tumepokea kwa wanavyuoni wetu ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu mpaka lifahamike, na wao wenyewe wakaeleza kwamba hakufanya hivyo kwa kila neno, bali kwa lile lililohitaji kufahamishwa. Na tumepokea vilevile kwamba hotuba fupi ni alama ya fahamu ya mtu. Hayo mawili hayapingani, maana anayerudia moja huwa ameacha mengi. Ukinzani nao hufanya kazi ya kupima, kwani jambo huonekana ukubwa wake likisimama karibu na kinyume chake. Na utatu una siri yake katika sikio: kitu cha kwanza husikika peke yake, cha pili huonyesha kwamba kuna mpango, na cha tatu huukamilisha mpango ule ambao sikio limekwisha kuungoja. Cha nne kikija, sikio limekwisha kuondoka.

Tazama namna alivyovitumia vitu hivi mtu aliyevijua. Mwezi wa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kwamba kazi iliyobaki ni moja tu, nayo ni kumpiga adui yule. Akasema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, na sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mambo ni matatu kwa kuwa kwa hakika ni matatu. Ondoa uwezo, sababu na nia zitabaki kuwa majonzi ya mnyonge. Ondoa sababu, vita vitakuwa dhuluma. Ondoa nia, jeshi litakaa kambini. Hakuna moja linaloweza kukaa mahali pa jingine, wala la nne ambalo mtu angelidai. Tena angalia neno alilolirudia, maana hakuchagua neno la kupendeza, bali alilirudia lile tendo lenyewe, kumpiga, ambalo ndilo alilotaka kila mtu aondoke nalo. Hata upatanisho wa lugha ulimsaidia bure, kwa "tunao" na "tunayo" kuitikiana mwishoni mwa kila fungu pasipo yeye kuzitafuta. Hapa pana jambo ambalo wasemaji wetu hawalitii akilini: Kiswahili hurudisha mwangwi wa ngeli katika karibu kila sentensi, na methali zake nyingi zimejengwa juu ya ukinzani, kama mchumia juani anayelia kivulini. Lugha iliyokwisha kujipamba hivyo haihitaji kurundikiwa mapambo mengine.

Na kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Mwalimu huyo huyo alizungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro ili upeleke tumaini pasipokuwa na tumaini, na upendo penye chuki, na heshima palipojaa dharau. Humo utatu na ukinzani vimefungwa pamoja katika sentensi moja, na mpango wake una maana. Tumaini ni la kila mtu aliye taabuni, na upendo ni wa kila penye uhasama, lakini heshima mbele ya dharau ilikuwa ndiyo kesi yenyewe ya mtu mweusi aliyetawaliwa, na hiyo ameiweka mwisho, mahali ambapo uzito hukaa. Mwenge ule ukawashwa kileleni kweli, usiku wa uhuru, Desemba 1961, na Alexander Nyirenda. Sentensi hiyo imekaa katika vichwa vya watu kwa kuwa ilisimama peke yake. Lau ingalizungukwa na nyingine kumi za namna ile ile, nani angaliweza kuitenga na wenzake?

Wala msidhani kwamba malalamiko haya ni ya mzee wa leo aliyechoka. Katika mwaka wa 274 wa Hijra, Ibnul-Muutazz wa Baghdadi, mwana wa khalifa na mshairi, alitunga kitabu juu ya badii, yaani hayo mapambo ya maneno, akayataja makubwa matano, na miongoni mwa matano hayo umo ukinzani na umo urudiaji wa neno la mwanzo mwishoni. Makusudio yake yalikuwa kuwaonyesha washairi wapya wa zama zake kwamba hawakuvumbua kitu, kwani mapambo hayo yamo katika Kurani, na katika maneno ya Mtume, na katika mashairi ya wakale. Tofauti ni kwamba wale wa kale walikuwa wakiyatia beti moja au mbili katika utenzi mzima, na pengine utenzi ukapita bila ya pambo lolote. Akamtaja Abu Tammam, mshairi aliyekuwa hodari kupita kiasi, kwamba aliyapenda mapambo hayo hata yakamshinda, hapa akapata na pale akakosa, na akasema hayo ndiyo matunda ya israfu. Ikiwa Abu Tammam hakusalimika, atasalimika nani katika sisi?

Sasa niwaonyeshe ubaya wake kwa mfano nilioushuhudia. Wazazi waliitwa shuleni kuambiwa habari ya vyoo vya wasichana, ambavyo kuta zake zilikuwa zimefika kwenye lenta na fedha zikaisha. Msemaji, ambaye sitamtaja na ambaye ana kipaji, alianza kwa furaha, shangwe na nderemo, akasema elimu ni taa, elimu ni nguzo, elimu ni ufunguo, akatuhakikishia kwamba sisi si watu wa maneno bali ni watu wa vitendo, si watu wa jana bali ni watu wa kesho, na habari ya vyoo akaipitisha katikati ya mafungu hayo, nayo ikavalishwa nguo ile ile ya utatu, "mabati, milango na mshikamano." Tulipotoka, jirani yangu mmoja alidhani tumeombwa madawati, na mwingine hakujua kwamba kuna mchango wowote.

Chunguzeni yaliyomo. Furaha, shangwe na nderemo ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara tatu. Taa, nguzo na ufunguo ni mifano mitatu inayofukuzana, kila mmoja ukifuta picha ya uliotangulia. Hakuna aliyedai kwamba sisi ni watu wa maneno, kwa hiyo ukinzani ule ulimpiga mtu asiyekuwapo. Na neno lililorudiwa lilikuwa elimu, ambayo hakuna mzazi aliyekuwa akiikataa, ilhali fedha na tarehe, vilivyohitaji kurudiwa, vilipita mara moja kwa haraka.

Angaliweza kusema hivi: "Vyoo vya mabinti zetu vimefika kwenye lenta. Vimebaki mabati 24 na milango 6. Kila mzazi alete shilingi 5,000 kwa mwalimu mkuu kabla ya mwisho wa mwezi. Kuta tumezijenga wenyewe. Paa nalo hatutaletewa na mtu." Pambo ni moja, liko mwishoni, na ukinzani wake ni wa kweli, kwa kuwa kuta na paa ni vitu viwili vinavyoonekana, kimoja kipo na kimoja hakipo. Baada yake angetaja tena zile shilingi 5,000 na ule mwisho wa mwezi, akae kitini.

Kwa hiyo mwenye hotuba na apime kabla ya kusimama. Akiona vitu vitatu, aondoe kimoja. Kisipokosekana, hakikuwa na haki ya kuwapo. Akiona ukinzani, ajiulize ni nani hasa anayeushikilia ule upande anaoukanusha, akimkosa, aukate. Akiona neno linalorudi, aulize kama hilo ndilo analotaka mtu alale nalo. Na likibaki pambo moja baada ya mizani hiyo, basi ni hilo: karafuu katika pilau ni za kuhesabu, na mpishi anayezimimina hulisha watu karafuu.

Siwezi kuacha kutaja dada wa tabia hii, nayo ni kuomba makofi. Msemaji humaliza fungu lake, akanyamaza, akatutazama, na tusipopiga husema, "Mbona mmelala?" au "Makofi hayo!", kana kwamba tunadaiwa. Jama, makofi ni shahada ya msikilizaji, na shahada haiombwi na anayeshuhudiwa! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena mwenye kuzoea kuomba makofi huanza kutunga hotuba yake kwa ajili ya makofi, na hapo ndipo mafungu ya utatu yanapozaana, maana amejua kwamba la tatu huamsha mikono hata likiwa halina kitu ndani.

Enyi vijana mnaosimama siku hizi kwenye mahafali na mikutano, nakiri kwamba ndimi zenu ni nyepesi kuliko zilivyokuwa zetu, na wengi wenu mmejaaliwa sauti nzuri ambazo Mwenyezi Mungu hakuwapa bure. Msizipoteze. Andikeni kwanza kwa maneno makavu lile mnalotaka watu walitende, na nani alitende, na lini. Someni kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyejua habari hiyo, mumwulize amesikia nini. Akiweza kuwarudishia sawasawa, hotuba imekwisha kuwa hotuba, na pambo moja mtakaloongeza litakaa mahali pake. Asipoweza, msimwongezee mapambo. Rudini mkaandike upya.