Kitufe cha kuhifadhi kiondolewe!

Jumapili iliyopita nilisaidia kurusha ibada mtandaoni. Kijana wa zamu alitaka kamera igeuke kutoka kwaya hadi mimbarini, yaani priseti namba 1. Akabonyeza, kamera haikusogea. Akabonyeza tena, wapi! Kumbe alikuwa akibonyeza "hifadhi". Mkao wa mimbari ukafutika, na namba 1 ikawa kwaya.

Sikumlaumu. Hizi hapa amri za VISCA, itifaki ya Sony inayotumiwa na kamera nyingi za aina hii. Ya kwanza inahifadhi, ya pili inaita:

```
81 01 04 3F 01 01 FF
81 01 04 3F 02 01 FF
```

Tofauti ni baiti ya tano tu. Kamera haiulizi kama una hakika. Inafuta mkao wa zamani na kujibu kwamba imetekeleza. Dalili utakayoiona ni kwamba haijasogea.

Kwa hiyo sisi waandishi wa programu ndio wa kulaumiwa. Skrini ya siku ya ibada iwe na vitufe vya kuita tu. Kuhifadhi kuwe ukurasa mwingine wenye nywila, kufanyike Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu. Wewe waonaje?