Hakusema "Shetani Alinipitia"

Wadau, Jumamosi nilikuwa ukumbini kwenye sherehe ya wanandoa fulani maarufu hapa mjini waliokuwa wanarudia viapo baada ya miaka kumi. Majina siweki, mnawajua, na wasiowajua hawapotezi kitu. Tangu siku hiyo watu wanasema jamaa kajidhalilisha mbele ya wakwe. Mimi nasema hapana, na nitawaambia kwa nini.

Hotuba za hivi tunazijua. Mtu anashika maiki, anasema "tumepitia changamoto nyingi", watu wanapiga makofi, keki inakatwa. Hiyo "changamoto" haina mwenyewe, kama mvua tu iliyowanyeshea wote wawili.

Huyu alisema hivi: "Mwaka wa nne nilihama nyumbani miezi saba. Nilikuambia ni kazi. Haikuwa kazi. Mtoto alipoumwa ulimpeleka hospitali peke yako, na simu yako niliiona nikaiacha iite." Akanyamaza. Hakusema shetani alinipitia. Hakusema "na wewe ulikuwa umebadilika". Na yule mwanamke mwingine hakumgusa kabisa, wala kwa fumbo.

Mke naye akasimama. Akasema aliweka kadi ya gari rehani akachukua mkopo wa biashara bila kumwambia mumewe, mume akajua siku wenye pesa walipokuja kulichukua. "Ulinikosea, lakini hili si la kulipiza. Hili nililifanya kwa sababu niliona nitakatazwa." Jamani, ukumbi ulitulia mpaka feni zikasikika.

Sasa msiige kichwa kichwa. Baadaye dada wa bibi harusi alinidokeza kwamba walisomeana zile karatasi nyumbani, mara mbili, na kila mmoja alikuwa na haki ya kukata mstari. Mume alikatiwa wawili. Kwa hiyo pale mbele hakuna aliyesikia jambo jipya kuhusu mwenzake. Ukimtolea mkeo siri ambayo hajawahi kuisikia, mbele ya watu mia mbili, huko ni kumbana akusamehe kwa sababu kamera zinarekodi.

Kitu kimoja sikukipenda. Mtoto wao mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa meza ya mbele. Sehemu ya hospitali inamhusu yeye. Wangempeleka nje kidogo akacheze na wenzake, mbona watoto wengine walikuwa kwenye bembea.

Halafu viapo vyenyewe. Mume hakuahidi kwamba hatakosea tena, na hapo ndipo mashangazi walipoguna. Alisema: "Nikianza kukuficha kitu, nitakuambia kabla mwezi haujaisha." Mke akajibu kwamba hakuna karatasi ya mkopo atakayoisaini kabla mume hajaisoma.

Mshereheshaji akataka kuingiza utani. Mama mkwe akamwonyesha kwa mkono akae.