Kitabu kimoja hadi mwisho

Mwaka wa masomo ukianza, simu za wanafunzi wa kitivo chetu hujaa. Sarufi za Kiswahili, vitabu vya fonolojia ya Kibantu, video za dakika kumi na mbili juu ya ngeli, vyote hupita kutoka kadi moja ya memori kwenda nyingine. Kwenye uwanja wa chuo swali linalosikika zaidi si «umeelewa nini?» bali «ndugu, uko na kingine?». Mwezi wa tatu ukifika mwanafunzi ana faili arobaini, na bado hajafika sura ya nne ya hata moja.

Maoni yangu ni haya: kuhamahama huku si uvivu, wala si wingi wa bidii. Ni namna ya kusoma ukurasa uleule mara nyingi. Katika fani yetu ya lugha za Kiafrika kunaleta hasara ya pekee, na mfano wa ngeli unaionyesha vizuri.

Kila kitabu na kila video huanzia mwanzo. Video ya kwanza inauliza ngeli ni nini, inataja mtu na watu, kitu na vitu, kisha inaisha. Ya pili inafanya hivyo hivyo. Aliyetazama video kumi na tano amesikia utangulizi mara kumi na tano, na kila mara anaona mambo yanazidi kuwa mepesi. Ni kweli yanazidi kuwa mepesi, kwa sababu anayatambua. Lakini kutambua si kukumbuka. Mwambie afunge simu, aeleze kwa nini tunasema «nyumba yangu» lakini «nyumbani kwangu», «nyumbani mwangu» na «nyumbani pangu», na tofauti ya hizo tatu ni ipi. Hapo hunyamaza, maana jambo hilo liko katikati ya kitabu, mahali ambapo hajawahi kufika.

Hiyo ni hasara ya kwanza, na mwanafunzi wa fani yoyote anaweza kuipata. Ya pili ni yetu hasa. Vitabu vyetu havitumii majina mamoja. Anayefuata njia ya Bleek na Meinhof huhesabu kila kiambishi peke yake: m- ya mtu ni ngeli ya 1, wa- ya watu ni ya 2, m- ya mti ni ya 3, mi- ya miti ni ya 4. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, huweka umoja na wingi pamoja na kuita kundi kwa viambishi vya nomino: M-WA, M-MI, KI-VI. Vitabu vingi vya shule vya Kenya na Tanzania havitazami nomino yenyewe bali upatanisho wake katika sentensi, ndiyo maana tunasoma A-WA, U-I, LI-YA, I-ZI. Na vipo vitabu vya zamani vilivyohesabu jozi kwa namba, hata «ngeli ya 2» ikawa ile ya mti na miti, wakati kwa Meinhof ngeli ya 2 ni wa- ya watu.

Tuchukue neno moja, kiboko. Lina maana mbili: mnyama wa majini na mjeledi. Tunasema «kiboko mkubwa amelala ufukweni», lakini «kiboko kirefu kimekatika». Kwa anayetazama umbo la nomino, maneno yote mawili yako KI-VI, kwa Meinhof 7 na 8. Kwa anayetazama upatanisho, mnyama yuko A-WA na mjeledi uko KI-VI. Anayehama kutoka kitabu hadi kitabu hukuta majibu mawili, huona waandishi wanapingana, kisha hutafuta kitabu cha tatu kiwaamue. Hawapingani. Mmoja ameuliza nomino imeundwaje, mwingine ameuliza nomino inaamuru nini katika sentensi. Swali la kila mwandishi huelezwa mapema, lakini hueleweka tu ukimfuata sura baada ya sura na kuona linavyofanya kazi. Anayehama hubeba majibu na kuyaacha maswali.

Maneno ulimi na ugonjwa yanaonyesha hivyo hivyo. Katika Kiswahili umoja wao unafanana: ulimi huu, ugonjwa huu. Kitabu kimoja kitawaweka pamoja katika kundi la U. Kingine kitawatenga kwa sababu ya wingi, ndimi na magonjwa. Cha tatu kitaita la kwanza 11 na la pili 14, bila sababu inayoonekana ndani ya Kiswahili. Sababu iko kwa majirani. Kinyarwanda kina ururimi na uburwayi, Kiganda kina olulimi na obulwadde. Viambishi viwili vilivyokuwa tofauti vimekuja kufanana katika Kiswahili, na namba 11 na 14 zinahifadhi tofauti hiyo ya zamani kwa ajili ya mtu anayelinganisha lugha. Aliyeokota namba hizo kwenye video bila kujua kazi yake huandika katika kazi yake ya kumaliza masomo «ngeli ya U-ZI namba 14», na msomaji huona mara moja kwamba vyanzo viwili vimegongana kichwani mwake.

Hapo ndipo pa kujipima. Andika nomino ishirini ulizozisikia leo, uzipange zote kwa mfumo mmoja bila kufungua kitu, na kando ya kila moja uandike sentensi inayothibitisha. Ukichanganya majina ya mifumo miwili, bado huna chanzo hata kimoja, hata ukiwa na faili mia.

Basi mtu achague vipi? Aanze na kazi iliyo mbele yake. Atakayefundisha Kiswahili shuleni anahitaji kitabu cha upatanisho, maana mwanafunzi wake atakosea katika sentensi. Atakayelinganisha Kinande au Kihunde na Kiswahili anahitaji namba, maana LI-YA ya Kiswahili haimsaidii kitu katika Kinande. Kisha akague vitabu viwili au vitatu kwa nusu saa tu. Je, mwandishi anasema anagawa ngeli kwa kigezo gani? Je, anatoa sentensi nzima au maneno matupu? Kama lugha ina toni, je, toni zimeandikwa? Kitabu cha lugha ya toni kisichoandika toni hakitakufundisha toni hata ukikisoma mara tano. Kinachopita hapo kinatosha. Si lazima kiwe bora kuliko vyote. Ni lazima kiwe kizima na uwe nacho mkononi hata siku ambayo hakuna umeme wala mtandao.

Baada ya hapo, sura moja kwa wiki. Siku ya kwanza soma sehemu, funga, andika jedwali lake kwa kichwa, halafu fungua usahihishe. Siku zinazofuata peleka kanuni barabarani: sikiliza watu wa sokoni, motari, mama jirani, uandike mifano kumi inayotii kanuni na yote inayoikataa. Inayokataa iende kwenye daftari la maswali, pamoja na namba ya ukurasa. Kitabu cha pili kifunguliwe kwa ajili ya swali lililo katika daftari hilo tu, kisha urudi kwenye ukurasa uliouacha. Daftari likibaki tupu kwa wiki mbili, ujue unasoma kwa macho tu.

Hapa Goma daftari hilo halitabaki tupu. Aliyeshika kitabu kinachotumia namba ataona kwamba Kiswahili sanifu kinafika 11, pengine 14, kisha 15 ya kusoma na kuimba. Namba 12 na 13 hazimo. Anayehama hupita pengo hilo bila kuliona, maana kila kitabu kipya anakisoma kurasa za mwanzo tu. Aliyekaa atauliza: kwa nini nafasi mbili ziko tupu? Na jibu liko mdomoni mwake. Kitabu kinamwambia mtoto mdogo ni kitoto. Nyumbani kwao wanasema katoto, na wingi wake tutoto. Kinyarwanda kinasema akana na utwana. Hizo ndizo 12 na 13. Kiswahili chetu cha Kivu kinazijaza nafasi ambazo Kiswahili sanifu kimeziacha. Hiyo inaweza kuwa mada ya kazi nzima ya kumaliza masomo, na imetoka katika kitabu kimoja na sikio moja.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: waalimu wetu wanadai vyanzo vingi. Wana haki, lakini kulinganisha ni hatua ya pili. Huwezi kusema Ashton anatofautiana na Meinhof kama hujasimama kwa mmoja wao. Ya pili: huku kwetu vitabu ni haba, mega ni ghali, mtandao unakatika, kwa hiyo kukusanya ni akiba. Nakubali, na sisemi mtu afute faili zake. Nasema ghala liitwe ghala. Siku uliyopakua faili kumi hukusoma, uliweka akiba. Zihesabu siku hizo kando.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika masomo yetu mambo ni mabaya zaidi, maana zote mbili huponyoka. Na hapa waalimu pia wana sehemu yao. Silabasi inayoorodhesha vitabu kumi bila mpangilio inamfundisha mwanafunzi kukusanya. Ombi langu kwao ni dogo: juu ya orodha ya kila kozi wataje kitabu kimoja cha kusomwa hadi mwisho, waseme kinatumia mfumo gani wa ngeli, na mtihani wa kwanza utoke katika sura zake za katikati, si katika utangulizi. Vile tisa vingine vibaki chini yake, kila kimoja na swali ambalo mwanafunzi atakwenda kulitafutia jibu humo.