Swali la stendi

Swali linalowakwamisha wakuu wa idara wengi mbele ya Kamati ya Fedha ya halmashauri ni hili: ongezeko hili la mapato linatoka wapi? Tuseme stendi ilikisiwa milioni 60, hadi Desemba imeingiza milioni 22, na bajeti mpya inataka 75. Diwani makini hatakuachia. Kabla ya kikao, piga hesabu toka chini: magari 120 kwa siku, ushuru shilingi 1,000, siku 365, unapata milioni 43.8. Hiyo ndiyo namba ya kuitetea, ukiwa na ripoti ya makusanyo ya kila mwezi mkononi. Ukisema 75, taja magari mapya au sheria ndogo iliyopandisha ushuru.