Usiseme dawa feki kabla hujaangalia pupa

Kila msimu nasikia hili: "Bwana shamba, nimeweka Bti kwenye mtaro, mbu bado wapo, dawa feki hiyo!" Mimi nasema mara nyingi dawa haina kosa. Bti ni bakteria, inamuua kiluwiluwi akiila. Pupa, yule aliyejikunja kama alama ya mkato, hali kitu, kwa hiyo anatoka mbu kama kawaida. Kesho yake chota maji uangalie: viluwiluwi wamekufa, pupa bado wanacheza? Basi imefanya kazi. Rudia baada ya wiki, au lebo inavyosema, maana jua na matope huipunguza nguvu. Bwawa la samaki tumia hiyo hiyo kwa kipimo chake, siyo oili chafu wala dawa ya nyanya, utaua samaki. Ukichanganya vaa glavu, miwani na barakoa. Hata ya kibaiolojia inawasha macho.